Waya wa winchi kukatika nyuzi mapema

"Winchi ya ujenzi, Moshi. Mzigo tani 1, waya 10 mm misokoto 6 ya nyuzi 19, puli 120 mm. Nyuzi zinakatika baada ya miezi mitatu. Niweke waya mnene zaidi?"

Salama mkuu. Hapana, utaongeza tatizo. Waya huo mpya hukatika kwenye kilonyutoni 58 hivi, nawe unabeba kama 10, nguvu ipo. Waya unauawa na puli: ni mara 12 tu ya kipenyo cha waya, hivyo nyuzi za nje hukunjwa na kunyooshwa kila safari mpaka zichoke. Weka ya 200 mm. Waya wa 8 mm ungekunjika vizuri, ila nguvu ingeshuka chini ya mara 4 ya mzigo, na mimi sishuki chini ya 5.

Kwanza shusha mzigo, pitisha kitambaa juu ya waya (si vidole!), uhesabu nyuzi zilizokatika ndani ya urefu wa 60 mm, hasa sehemu inayopita kwenye puli. Zikifika 5, au 2 kwenye bonde kati ya misokoto, toa waya leo.