Nge, ngali na ki kwenye insha: zinavyokula maksi

*"Wakuu, nipo Dar, narudia mtihani wa Kiswahili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu wa tuisheni anasema insha zangu zina sentensi fupifupi za aina moja, niweke sentensi shurtia ili ionekane naimudu lugha. Nikiziweka, ananikata kwenye nge na ngali. Kipi ni kipi?"*

Mkuu, mimi nasomesha tuisheni hapa Kinondoni, na kabla ya hapo nilikuwa nasoma prufu za gazeti. Kosa lako nalijua kabla hata sijaiona insha yako, kwa sababu karibu kila mtu analo. Tuchukue aya moja ya mwanafunzi, mada ikiwa mafuriko Dar es Salaam:

"Mvua ikinyesha Jangwani inajaa maji. Mvua ikinyesha sana magari yanasimama. Watu wakitupa taka mitaro inaziba. Kama mitaro ingesafishwa watu hawatateseka. Kama watu wangelihama mapema wasingepoteza mali zao."

Shurtia zimo tano, ila msahihishaji hatafurahi. Tatu za mwanzo ni sentensi ileile imebadilishiwa maneno. Mbili za mwisho zina makosa.

Anza na ya nne. "Ingesafishwa" inasema jambo hilo halipo, tunaliwazia tu. "Hawatateseka" inaahidi kitu kitakachotokea kweli. Huwezi kuwazia upande mmoja na kuahidi upande wa pili. Chagua: "Mitaro ikisafishwa, watu hawatateseka", yaani kazi bado inaweza kufanyika, au "Mitaro ingesafishwa, watu wasingeteseka", yaani huna matumaini nayo. Zote ni sahihi, ila hazisemi kitu kimoja. Ukimwandikia diwani barua ya kumwomba mitaro izibuliwe, tumia ya kwanza. Ya pili ni kama kumwambia unajua hatafanya.

Ya tano imechanganya "-ngeli-" na "-nge-". Vitabu vya sarufi vinataka kiambishi kilichoanza ndicho kimalizie: wangehama, wasingepoteza, au wangalihama, wasingalipoteza. Hiyo "-ngeli-" utaisikia sana mtaani na utaikuta hata kwa waandishi wazuri, lakini kwenye mtihani mimi nawaambia wanafunzi wangu waiache, wabaki na mbili zinazojulikana na kila msahihishaji.

Sasa tofauti ya "-nge-" na "-ngali-". Jiulize swali moja: je, muda wa jambo hilo umeshapita? Kama umepita na haliwezi kurudishwa, hapo ndipo mahali pa "-ngali-". Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakuta watu wakiishi ndani ya bonde la Msimbazi, na baadaye baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Ukiandika "Wangalihama kabla ya mvua zile, wangaliokoa vyombo vyao", msomaji anajua kwamba hawakuhama na vyombo vilikwenda. Ukiandika "Wangehama, wangeokoa vyombo vyao", sentensi inaelea: mwaka ule au leo? Katika mazungumzo watu wanatumia "-nge-" kwa yote mawili na tunaelewana, kwa sababu aliyepo mbele yako anajua mnazungumzia nini. Kwenye karatasi mwenzako hana msaada huo.

Lakini ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo inayomwonyesha msahihishaji kwamba lugha unaimudu. Wengi hawaigusi. Weka "-nge-" kwenye kitenzi "kuwa", kisha kitenzi chenyewe kibebe wakati wake. Tazama:

"Mitaro ingekuwa imezibuliwa mwezi uliopita, leo tungekuwa tunavuka Jangwani bila wasiwasi."

Sharti limepita, matokeo ni ya leo. "-ngali-" peke yake haiwezi kuonyesha mgawanyo huo waziwazi, kwa sababu inazisukuma pande zote mbili nyuma. Hapa "-nge-" imebaki moja pande zote, kwa hiyo kanuni hukuivunja, ila "ime-" inasema kazi ilipaswa kuwa imekwisha na "tuna-" inasema tungekuwa katikati ya safari sasa hivi. Ukataka kukanusha, kanusha kwenye "kuwa": "Takataka zisingekuwa zimejaa kwenye mtaro, maji yasingekuwa yanaingia dukani." Jizoeze hii kwa mambo yako ya kila siku, hasa lile la kuchelewa: "Ningekuwa nimetoka Kimara alfajiri, saa hizi ningekuwa nimeshafika Kariakoo."

Kuhusu "kama": mbele ya "-nge-" si kosa, ila haina kazi, maana kiambishi chenyewe kimeshabeba sharti. Ukiitoa, sentensi inatulia. Inahitajika pale kitenzi kinapokuwa na wakati wa kawaida: "Kama mvua imenyesha usiku, njia ya Jangwani imefungwa." Hii nayo ni shurtia nzuri na watu huisahau. Hapa msemaji hawazii chochote, bali anakisia jambo lililokwisha kutokea ambalo hajaliona. "Endapo" na "iwapo" zipendelee kwenye yajayo: "Endapo mvua itanyesha, mtihani utasogezwa."

Halafu kuna shurtia za bandia. "Ningependa kuchukua fursa hii" ina "-nge-" lakini ni adabu tu, haina sharti ndani yake, usiihesabu. "Nilimkuta akisoma" ina "-ki-" lakini inaeleza mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Ukiweza kuweka "endapo" na maana ikabaki, ni shurtia. Ikikataa, siyo.

Aya yetu ikiandikwa upya inakuwa hivi:

"Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Msimbazi hujaa na magari husimama Jangwani. Chanzo kimojawapo ni taka, kwa sababu mtaro usiposafishwa kabla ya masika, maji hukosa pa kupita. Mwaka 2011 watu wengi waliishi bondeni. Wangalihama mapema, wangaliokoa mali zao. Hata leo, mitaro ingekuwa imezibuliwa mwezi uliopita, tungekuwa tunavuka bila wasiwasi."

Shurtia zimebaki nne, hakuna inayofanana na mwenzake, na katikati zimo sentensi za kawaida zinazotoa taarifa. Hizo usizifute. Insha iliyojaa "-nge-" kila mstari inasomeka kama malalamiko, na hoja zako zote zinaonekana ni ndoto. Kwa insha ya kurasa mbili, nne au tano za aina tofauti zinatosha kabisa.

Ukimaliza kuandika, usisome insha yote ukitafuta makosa yote. Pitia mara moja kwa ajili ya shurtia tu: pigia mstari kitenzi cha sharti na cha matokeo, uvitazame viwili viwili. Hapohapo angalia vitenzi vifupi kama kuja, kula na kufa, kwa sababu "-ki-" haichukui "ku" lakini zile nyingine zinachukua. Ni "akija", kisha "asipokuja", "angekuja", "angalikuja". "Akikuja" inakatwa maksi bila huruma, na siku hizi naiona hata kwa waliozaliwa Magomeni.

Andika aya moja uiweke hapa tuitazame, lakini ujaribu ile ya "ingekuwa ime-".