Fomu ya mapokezi: uraia, madhumuni ya safari na pasipoti

*Mwalimu, mimi ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli ndogo hapa Ngara, Nairobi. Fomu yetu ya kuandikisha wageni ni ya Kiingereza na vijana wangu wapya hukosea sana, hasa kwenye uraia, sababu ya kuja na maelezo ya pasipoti. Nataka kuitafsiri. Niandike "uraia" au "utaifa"? Kuna jamaa anauza fomu zilizotafsiriwa tayari kwa bei nafuu, ila ameomba nimtumie picha za fomu chache zilizojazwa aone zinavyokaa. Je, nichukue?*

Andika "uraia". "Utaifa" humfanya kijana afikirie asili ya mtu, kabila lake au bendera anayoipenda, ilhali fomu inauliza jambo la kisheria: mgeni huyu ni raia wa nchi gani kwa mujibu wa pasipoti aliyoiweka mezani.

Lakini hata neno sahihi halitakutoa kwenye shida. Mafunzo ya mapokezi yananikutanisha na hoteli nyingi za jiji hili, na kosa ni lilelile: watu wanaamini fomu ni orodha ya maneno, ukiyapatia Kiswahili chake umemaliza. Fomu ni orodha ya maswali, na kila swali lina mahali pake pa kuchukulia jibu. Kijana akiona "Uraia" peke yake, atamuuliza mgeni, "Unatoka wapi?" Mgeni atajibu "Dubai", na kijana ataandika Dubai. Hapo tafsiri ni sahihi na daftari ni la uongo.

Chukua mgeni wa kawaida kabisa Nairobi. Amezaliwa Mombasa, anaishi na kufanya kazi Dubai, amekuja na pasipoti ya Uingereza. Ukimuuliza kwao ni wapi, atasema Mombasa kwa haki kabisa. Ukimuuliza ametokea wapi, atasema Dubai. Ukisoma mahali pa kuzaliwa kwenye pasipoti yake utaona Mombasa tena. Ila uraia wa kuandika kwenye fomu yako ni Mwingereza. Inawezekana yeye pia ni raia wa Kenya, maana Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini hilo si la mapokezi kuamua. Kwa hiyo chini ya neno "Uraia" weka maelezo mafupi: "Nakili kutoka kwenye pasipoti aliyoonyesha. Usiulize anatoka wapi. Usiandike mahali alipozaliwa wala anapoishi." Kama mnahitaji kujua anapoishi, hiyo iwe nafasi nyingine kabisa, "Nchi unakoishi", na hapo ndipo Dubai itaandikwa.

Kunakili nako kuna mitego yake. Pasipoti ya Ujerumani huandika uraia kwa lugha yao, DEUTSCH, na nimeona vijana wakimwandika mwenye pasipoti hiyo kuwa Mholanzi kwa sababu neno hilo linafanana na Dutch, neno la Kiingereza la Mholanzi. Dawa yake ni kuwafundisha kusoma mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, ile iliyojaa alama za <. Mistari hiyo inafuata kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na katika vitabu vya pasipoti mpangilio wake ni mmoja duniani kote: herufi na alama 44 kila mstari. Huu ndio mfano ambao ICAO wenyewe huutumia, wa nchi ya kubuni yenye kifupi UTO:

```
P<UTOERIKSSON<<ANNA<MARIA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Mstari wa juu unaanza na P ya pasipoti, kisha herufi tatu za nchi iliyotoa hati, kisha jina la ukoo, halafu alama mbili za << na majina mengine. Kwa hiyo mzozo wa lipi ni jina la ukoo na lipi si la ukoo, ambao hutusumbua sana kwa wageni wa Ethiopia na Somalia, mapokezi hawana haja ya kuutatua kwa kukisia. Kilicho kabla ya << ndicho cha nafasi ya kwanza, kilicho baada yake ndicho cha nafasi ya pili, na kama hakuna kitu upande mmoja, nafasi hiyo inabaki wazi.

Mstari wa chini una namba ya pasipoti katika nafasi tisa za mwanzo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Nafasi ya kumi, ile 6 baada ya L898902C3, si sehemu ya namba. Ni tarakimu ya kuhakikishia kwamba namba imesomwa sawasawa na mashine. Kijana asiyejua ataandika L898902C36, na siku polisi au Uhamiaji wakitafuta namba hiyo kwenye daftari lenu hawataiona. Maelezo chini ya "Namba ya pasipoti" yaseme: "Nakili ile iliyo juu kwenye ukurasa wa picha, kisha ilinganishe na mwanzo wa mstari wa chini kabisa. Usichukue tarakimu ya kumi."

Baada ya tarakimu hiyo ndipo uraia ulipo, herufi tatu: nafasi ya 11 hadi ya 13. Mjerumani ana D peke yake ikifuatwa na <<. CHE ni Uswisi, wala si China, ambayo ni CHN. COD ni Kongo ya Kinshasa, COG ni ya Brazzaville, na kwa wageni wanaolala Ngara tofauti hiyo si jambo dogo. NER ni Niger, NGA ni Nigeria. Bandika orodha fupi ya nchi mnazopokea mara kwa mara kwenye kaunta, ndani, mgeni asikoiona.

Kwa watu wengi herufi tatu za juu na za chini ni zilezile, ndiyo maana wauzaji wa fomu huchanganya "nchi iliyotoa pasipoti" na "uraia" bila kujali. Nairobi huwezi kuchanganya. Mkimbizi aliyepewa hati ya kusafiria na Kenya atakuwa na KEN juu, lakini chini kwenye uraia atakuwa na XXB, alama ya mkimbizi chini ya Mkataba wa 1951. Asiye na uraia wa nchi yoyote ana XXA. Ukimwandika mtu huyo kuwa Mkenya kwa sababu umeona nembo ya Kenya kwenye jalada, umeingiza uongo kwenye kumbukumbu ambayo wakubwa wanaweza kuiuliza kesho. Waelekeze vijana: wakiona herufi zinazoanza na XX, wanakili ukurasa ulivyo na wamwite msimamizi, bila kumhoji mgeni maisha yake mbele ya watu.

Sababu ya kuja nitaieleza kwa ufupi, ila ina hatari yake. Usiandike "Kusudi la kutembelea" kama fomu nyingi za kuuziwa, maana kijana anaelewa kutembelea hoteli na anajaza "kulala". Andika "Madhumuni ya safari nchini" na mpe visanduku vya kutia alama: utalii, biashara au mikutano, kutembelea jamaa, matibabu, masomo, kupita njia, kazi yenye kibali. Chunga sana biashara na kazi. Mfanyabiashara aliyekuja kukutana na wateja wake kwa siku tatu hakuja kufanya kazi Kenya. Kufanya kazi kunahitaji kibali. Tafsiri nyingi huandika "kazi" kwa vyote viwili, na mgeni asiye na kosa anaonekana kwenye karatasi yenu kuwa mtu anayefanya kazi bila kibali.

Tarehe nazo: sisi tunaanza na siku, Mmarekani anaanza na mwezi. 04/07 ikiandikwa na mgeni wa Boston ni tarehe 7 Aprili, na mkononi mwa kijana wako ni tarehe 4 Julai. Kwenye fomu weka "siku, mwezi kwa herufi, mwaka" ili aandike 7 Aprili. Kwenye mistari ya chini ya pasipoti mpangilio ni mwaka, mwezi, siku: 740812 ni 12 Agosti 1974. Kwenye fomu pia kuna "Tarehe ya kutolewa" na "Mwisho wa kutumika", maneno rahisi ambayo watu wameyaharibu bila sababu.

Na hapa nije kwa jamaa yako. Nimeshika fomu ya hoteli moja iliyotafsiriwa na muuzaji wa namna hiyo. Penye mahali pasipoti ilipotolewa palikuwa na "Mahali pa Suala". Penye jinsia paliandikwa "Ngono", na mgeni wa kike akaulizwa hivyo kaunta, kwa sauti, na kijana aliyekuwa akisoma kwa uaminifu kile alichopewa. Mtu aliyeandika hayo alichukua maana ya kwanza ya kila neno la Kiingereza, hakuwahi kusimama mapokezi, na hakufungua pasipoti hata moja. Hawa wanachukua fomu ya hoteli moja, wanabadilisha nembo, na kuiuza kwa hoteli nyingine kumi. Kosa moja linasambaa mji mzima, na kwa sababu liko kwenye karatasi iliyopigwa chapa vizuri, kila kijana mpya anajifunza kwamba hivyo ndivyo inavyosemwa.

Usikifute Kiingereza. Wageni wako wengi ndio wanaojaza fomu na hicho ndicho wanachokisoma, na Kiswahili ni cha kumwongoza kijana wako. Weka lugha zote mbili, Kiswahili kikiwa chini ya kila swali pamoja na maelezo ya mahali pa kuchukua jibu. Kabla ya kuchapa, mpe kijana mgeni kabisa wa kazi pasipoti tatu za wafanyakazi wenzake waliokubali, ajaze peke yake huku wewe umenyamaza. Akiuliza swali, fomu ndiyo yenye kasoro. Irekebishe hadi asiulize.

Kuhusu picha za fomu zilizojazwa, usimtumie hata moja. Fomu hizo zina jina la mtu, tarehe aliyozaliwa, namba ya pasipoti, simu yake na chumba alicholala, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiwajibisha hoteli yako kuzilinda. Mtafsiri wa kweli anahitaji fomu tupu na maelezo yako ya jinsi mnavyofanya kazi, basi. Anayeng'ang'ania zilizojazwa, iwe ni kwa uzembe au kwa nia mbaya, mkatalie. Na kama tayari kuna picha za pasipoti za wageni kwenye kundi la Watsapu la wafanyakazi, jambo ninalolikuta karibu kila hoteli ninayoingia, anza kuzifuta leo jioni, kwenye simu ya kila mmoja, kabla hujashughulika na tafsiri.