Orodha ya wajibu kwenye mkataba wa pango

Swali: "Chini ya 'Mpangaji atatakiwa:' nimeweka 'kulipa kodi kabla ya tarehe 5', 'asifuge wanyama', 'usafi wa ua' na 'mwenye nyumba atatengeneza paa'. Mbona haikai sawa?"

Ndugu, soma utangulizi pamoja na kila kipengele, kwa sauti. "Mpangaji atatakiwa kulipa kodi" inakwenda. "Mpangaji atatakiwa usafi wa ua" inakwama, maana utangulizi wako unadai kitenzi cha ku-. Andika "kusafisha ua kila wiki"; kitenzi kimekulazimisha useme afanye nini hasa.

"Asifuge" iwe "kutofuga wanyama". Usihamishie ukanushi kwenye utangulizi: "hatatakiwa kufuga" inaweza kusomeka kuwa halazimiki kufuga, kwa hiyo akipenda afuge tu! Makatazo yakiwa mengi, yape orodha yao, "Mpangaji haruhusiwi:", kisha "kufuga wanyama" bila -to-.

Paa ni shida nyingine. Mtendaji amebadilika, hivyo hakuna ku- itakayokiokoa kipengele hicho. Kitoe, ukiweke chini ya "Mwenye nyumba atatakiwa:" kama "kutengeneza paa likivuja".