Mume akisafiri, nahisi nimeachwa tena

Swali

Habari, mshauri. Nina miaka 34. Wazazi wangu walienda kufanya kazi mbali nikiwa na miaka mitatu, wakaniacha kwa bibi. Nilipofika miaka tisa walirudi kunichukua. Walinitumia kila nilichohitaji na sina cha kuwalaumu. Sasa nimeolewa, na mume wangu husafiri kikazi siku nne au tano kila mwezi. Nikiona tu begi lake limeshushwa kutoka juu ya kabati, natafuta ugomvi. Akiwa huko, asipojibu ujumbe ndani ya saa moja natetemeka, napiga simu hata mara kumi. Akirudi, badala ya kufurahi, namnunia siku mbili nzima. Ameanza kunificha tarehe za safari. Mbona niko hivi, na nifanye nini?

Jibu

Dada yangu, naanza na kule kununa kwako mume akirudi, kwa sababu ndiko kunakonieleza mengi zaidi kuliko zile simu kumi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, mtafiti James Robertson na daktari John Bowlby wa London waliwachunguza watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao, wengi wao wakiwa wamelazwa hospitali enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kutembelea kwa nadra sana. Waliona mambo yakienda kwa hatua. Kwanza mtoto analia, anaita, hauachi mlango kwa macho. Baadaye ananyamaza, anazubaa, hataki kucheza. Kisha inafika siku anaonekana amepona: anacheka na wauguzi, anacheza, na kila mtu anasema amezoea. Lakini mama akija, mtoto hamkimbilii. Anamtazama kama mgeni, anageuza uso. Wakisharudi nyumbani ubaridi ule unayeyuka, na hapo anamganda mama kiasi kwamba mama akienda chumba cha pili tu, kilio.

Soma tena barua yako ukiwa na picha hiyo. Simu kumi ni kilio cha mlangoni. Kununa siku mbili ni uso uliogeuzwa. Mtoto yule hakuacha kupenda. Alikuwa amefunga mlango ili asiumie tena, na mlango uliofungwa kwa uchungu haufunguki siku ileile mtu anapobisha. Kwa hiyo unaponuna, usijiambie kwamba humpendi mumeo au una roho mbaya. Mwili wako bado uko kwenye hali ya kujikinga, wakati yeye ameshaingia ndani na begi lake.

Lakini kuna jambo wasomaji wengi hulikosea hapa. Si kwamba kila mtoto aliyeachwa kwa ndugu hukua na hofu hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Robertson na mkewe Joyce waliwachukua nyumbani kwao watoto wachache ambao mama zao walikwenda kujifungua. Kila mtoto alizoeshwa kwao kabla, akawa na mlezi mmoja tu, na mama yake alitajwa kila siku na picha yake kuonyeshwa. Watoto hao walihuzunika, ila hawakuzama kama wale wa hospitali. Zile zilikuwa siku kumi hadi wiki nne hivi, si miaka sita kama yako, lakini funzo linakuhusu: umbali peke yake si kipimo cha jeraha. Yanayopima ni namna mtoto alivyoagwa, nani alibaki naye, na kama aliruhusiwa kumtaja aliyeondoka.

Ndiyo maana watu wa historia kama yako nawauliza mambo mawili kabla ya mengine yote.

La kwanza: uliagwa vipi? Wengi huniambia waliamka asubuhi wakakuta mzazi hayupo. Watu wazima hufanya hivyo kwa huruma, ili mtoto asilie. Lakini mtoto hajifunzi kwamba mama amesafiri. Anajifunza kwamba mtu anaweza kupotea wakati wewe umelala, na hakuna dalili ya kukuonya. Tangu hapo anazisaka dalili mwenyewe. Begi lililoshushwa kabatini ni dalili. Ugomvi unaouanzisha unakupa mambo mawili kwa mpigo: wewe ndiye unayechagua saa ya maumivu badala ya kushtukizwa, na ni rahisi kuagana na mtu uliyemkasirikia kuliko uliyemkumbatia.

La pili, ambalo karibu kila mtu hulisahau: nani alikuruhusu kumlilia bibi? Umeandika kwamba wazazi "walirudi kunichukua", ukapita. Lakini kwa mtoto wa miaka tisa, ambaye miaka sita kati ya hiyo alilala, aliugua na kupona mikononi mwa bibi, siku ile alitenganishwa na mlezi wake kwa mara ya pili, akakabidhiwa watu aliowajua zaidi kwa sauti ya simu. Na kwa kuwa nyumba nzima ilishangilia, hukuwa na pa kulilia. Nimemsaidia mteja mmoja (nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha) aliyekuja akisema mama yake ndiye aliyemwacha. Tulipoikaribia siku ya kuchukuliwa kutoka kwa shangazi aliyemlea, alikumbuka ameketi garini ameshika mfuko wa nguo, shangazi akipunga mkono, na mama yake akimwambia, "Sasa mbona unalia, umerudi kwako." Pale ndipo alipojifunza kwamba huzuni yake ni utovu wa shukrani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye alikuwa bado hawezi kumwambia mkewe "nitakukumbuka"; aliweza kugomba tu.

Nawe umeandika huna cha kuwalaumu wazazi. Nakuamini, na sitaki uwalaumu. Ila shukrani na maumivu vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kimoja kukifukuza kingine.

Sasa tuje kwenye kufanya. Safari ijayo itatosha kuanzia.

Mweleze mumeo hili ukiwa umetulia, wiki ambayo hasafiri. Mwombe aache kukuficha tarehe, hata kama ukizijua utasumbuka. Anadhani anakupunguzia maumivu, kumbe anarudia kuondoka wakati umelala. Akuambie siku kadhaa kabla, na tarehe ya kurudi iandikwe mahali mnapoiona wote. Begi likishuka, nenda ukae naye akipanga nguo. Huhitaji kusema mengi. Ukiona mdomo unatafuta ugomvi, sema kilicho chini yake: "Naogopa unapoondoka." Itakuwa ngumu mara ya kwanza, pengine sauti itakauka. Sema hivyohivyo.

Kuhusu simu, kubalianeni saa moja ya kuzungumza kila siku, ambayo yeye ana uhakika ataiweza. Simu moja inayofika kwa wakati ina nguvu kuliko ahadi ya kupatikana saa zote, maana ahadi hiyo itavunjwa na kikao cha kwanza tu, nawe utahesabu umeachwa.

Katikati ya simu hizo ndipo ilipo kazi yako. Kila unapopiga akapokea, hofu inashuka ghafla, na ubongo unaandika: "Nimepona kwa sababu nimepiga." Haupati nafasi ya kugundua kwamba ungepona hata usingepiga. Ndiyo sababu nafuu inazidi kuwa fupi na simu zinazidi kuwa nyingi. Basi hofu ikija, chukua daftari, andika saa, andika unachotabiri ("hatajibu, ameniacha"), na unakiamini kwa kiasi gani kati ya 0 na 100. Kisha ngoja dakika 15 bila kugusa simu, ukifanya kazi ya mikono. Zikiisha, andika tena namba. Ukiona unaweza dakika 15, nenda 30, halafu saa nzima. Mumeo akishajibu, andika sababu halisi ya kuchelewa kwake.

Nikupe mfano wa ukurasa mmoja unavyoweza kuwa. Saa 8:10 mchana: "Amechoka nami, hatajibu", 85. Saa 8:25, baada ya kukunja nguo: 70. Unaongeza dakika 15 nyingine, 45. Saa 9:30 anaandika kwamba alikuwa kwenye kikao. Utabiri haukutimia, na hofu ilishuka kabla ya ujumbe kufika. Ukurasa mmoja hautakubadilisha. Baada ya safari tatu au nne, hata hivyo, utakuwa na kumbukumbu kwa mwandiko wako mwenyewe, na hiyo ni ngumu kuikana kuliko maneno ya mtu anayekutuliza. Namba isiposhuka kabisa mara za mwanzo, usivunjike. Punguza muda hadi dakika tano uanzie hapo.

Siku ya kurudi, usijilazimishe furaha. Mwambie mapema kwamba wewe huwa unachelewa "kufika" hata yeye akiwa ameshafika. Akae karibu nawe bila kukuhoji, bila naye kununa. Ubaridi wa siku mbili ukipungua ukawa wa jioni moja, hayo ni maendeleo makubwa.

Kuna jambo lazima ulipime kwa haki. Hofu nyingine ni taarifa. Kama mumeo amewahi kutoweka kweli, hudanganya alipo, au huwa anakutishia kukuacha kila mnapokosana, zoezi la daftari silo dawa yako. Utakuwa unajifunza kuvumilia jambo linalopaswa kukutia wasiwasi. Utazitofautishaje? Hofu ya zamani mara nyingi haichagui mtu: humwandama rafiki asiyepiga simu na bosi aliyepita bila salamu pia, na hupanda hata mambo yakiwa shwari. Hofu ya leo hufuata matukio unayoweza kuyataja kwa tarehe.

Na kama safari zake hukufikisha kwenye mawazo ya kujiua au kujidhuru, tafuta msaada leo, mwambie mtu aliye karibu nawe na uende kwenye kituo cha afya. Usingoje majibu ya barua. Kama unakesha na hushiki chakula siku zote anapokuwa mbali, au mnafikia kupigana, muone mwanasaikolojia ana kwa ana, ikiwezekana wote wawili.

Kazi ya mwisho ni ya polepole. Mwanasaikolojia Mary Main na wenzake, waliowahoji watu wazima kuhusu utoto wao, waliona kwamba utulivu wa mtu mzima haupimwi tu kwa yaliyompata, bali pia kwa namna anavyoweza kuyasimulia: kwa mpangilio, kwa mifano, mazuri na machungu pamoja, bila kuyafuta wala kuzama humo. Kisa chako sasa kina matundu mawili, siku ya miaka mitatu na siku ya miaka tisa. Muulize mama yako, si kwa kumshtaki, "Siku mlipoondoka, niliambiwa nini, na nani alinibeba?" Na kama bibi yupo hai, nenda kwake. Muulize alifanya nini siku ile jioni, baada ya wewe kuondoka.