Lesi imechelewa: usipunguze siku za kujaribu gauni

"Fundi, muuzaji aliniletea lesi ya rangi isiyo sahihi, nikairudisha. Nyingine itafika Alhamisi tarehe 10, na harusi ni Jumamosi tarehe 26. Nilimwahidi bibi harusi ajaribu gauni tarehe 5 na 12, achukue tarehe 19. Nimwandikie nini? Nafikiria ajaribu mara moja tu, tarehe 19, nifidie siku zilizopotea."

Hiyo "mara moja tu" ndiyo inayonichosha kila msimu wa harusi. Lesi imechelewa, lakini kifua, kiuno na mabega havihitaji lesi. Kata satini na bitana, uunge kwa bandi, umvalishe tarehe 5 kama ulivyoahidi. Kwapa likibana, unafumua bandi na kurekebisha kwa dakika chache. Ukigundua hilo tarehe 19, lesi imeshakatwa na shanga zimeshatolewa njiani mwa mshono; ukifumua, satini inabaki na matundu ya sindano, na pasi haiyafuti.

Mwandikie hivi:

"Dada, habari. Lesi ya gauni lako ilikuja rangi tofauti, nikairudisha. Sahihi itafika Alhamisi tarehe 10, kwa hiyo tarehe 12 na 19 hazitawezekana. Samahani kwa usumbufu. Jumamosi tarehe 5 njoo kama tulivyopanga, tujaribu gauni bila lesi. Jumatano tarehe 16 tutajaribu likiwa na lesi. Njoo na viatu na sidiria utakayovaa siku ya harusi. Jumanne tarehe 22 utalijaribu likiwa limekamilika, na Alhamisi tarehe 24 utalichukua. Kama siku mojawapo haikufai, niambie kabla ya tarehe 5."

Usiongeze hadithi ya umeme wala ya msiba. Sababu moja ya kweli inatosha. Anachotafuta mteja hapo ni tarehe.

Viatu vya tarehe 16 si mapambo ya barua. Pindo hupimwa akiwa amevaa viatu vyenyewe, kwani kisigino kikibadilika kwa sentimita 5, gauni ama litaburuta au litaonyesha vifundo. Na kama sketi imekatwa mshazari, itundike usiku kucha kabla ya kukata pindo. Kitambaa hujivuta chenyewe, tena si sawa pande zote.

Sasa kuna mafundi wanaojisifu kwamba wanapima mara moja na kumaliza. Waangalie ndani ya mshono wa ubavuni: wamepunguza kitambaa hadi kikabaki kidogo sana, wakapitisha ovaloki, basi. Bibi harusi akinenepa kidogo, hakuna cha kuachia, ndipo wanapoleta mkanda mpana kufunika zipu isiyofunga. Acha sentimita 3 kila ubavu, na usizikate mpaka ajaribu tarehe 22.