Nakatwa SHA, bado nitenge ngapi?

"Nakatwa SHA kila mwezi. Sasa hizo za miwani na meno nitenge ngapi?"

— Toa risiti zote ulizolipa mfukoni mwaka jana ujumlishe. Zangu: miwani 9,000, jino 6,500, dawa za presha za mama 1,200 kila mwezi. Jumla 29,900, gawa kwa 12, karibu 2,500 kwa mwezi. Elfu tano za kwanza zikae kwa simu. Zinazofuata peleka mfuko wa soko la fedha, maana kutoa huko huweza kuchukua siku mbili tatu, na jino usiku halijui siku za kazi. Ukigusa za simu, zirudishe kwanza.

— Si chama kinatosha?

— Yangu zamu ilikuwa Novemba, jino likauma Machi.