Hewa baada ya wimbi la mshtuko: ninavyokokotoa namba ya Mach, shinikizo na halijoto

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wa uhandisi kuhusu mwendo wa hewa unaozidi kasi ya sauti, na nimeona kwamba wengi hukimbilia jedwali la namba kabla ya kujiuliza ni kitu gani hakibadiliki hewa inapovuka wimbi la mshtuko. Jedwali ni zuri, na lile lililotolewa na taasisi ya Marekani ya NACA mwaka 1953, katika ripoti namba 1135, bado linaaminika hadi leo. Hata hivyo, anayelitegemea peke yake hana njia ya kutambua kwamba amesoma mstari usio wake. Ushauri wangu ni kuiandika milinganyo kwa namna inayoonyesha wazi kile kinachohifadhiwa, kwa sababu milinganyo hiyo hiyo itakusaidia baadaye kuhakiki jibu.

Tuchukue bomba ambamo hewa inakwenda kwa kasi maradufu ya sauti, yaani namba ya Mach ni 2, shinikizo ni kilopaskali 60 na halijoto ni kelvini 250. Ndani ya bomba hilo kuna wimbi la mshtuko lililosimama pembemraba na mkondo, nalo halisogei. Unene wake haufiki hata maikromita moja katika hali kama hizi, kwa hiyo hata kama bomba linapanuka, eneo la hewa kuingia kwenye wimbi na eneo la kutoka huhesabiwa kuwa sawa. Vilevile hakuna nafasi ya joto kuingia au kutoka kupitia kuta. Hivyo basi, vitu vitatu vinabaki kama vilivyo pande zote mbili: kiasi cha tungamo kinachopita kwa sekunde, jumla ya shinikizo na momenta inayobebwa na mkondo, na nishati. Nikitumia `1` kwa upande wa kabla ya wimbi na `2` kwa upande wa baada yake, na nikichukua uwiano wa joto mahususi wa hewa kuwa 1.4, ninapata mistari mitatu:

```
M2² = (1 + 0.2·M1²) / (1.4·M1² − 0.2)
p2/p1 = (1 + 1.4·M1²) / (1 + 1.4·M2²)
T2/T1 = (1 + 0.2·M1²) / (1 + 0.2·M2²)
```

Mstari wa pili ni uhifadhi wa momenta, na wa tatu ni uhifadhi wa nishati. Mstari wa kwanza hupatikana pale hivyo viwili vinapounganishwa na uhifadhi wa tungamo. Kwa sababu hiyo mimi huanza daima na namba ya Mach ya upande wa pili, kwani nikishaipata, mengine yote ni kugawanya tu.

Katika mfano wetu, mraba wa M1 ni 4. Mstari wa kwanza unatoa 1.8 kugawanywa kwa 5.4, yaani theluthi moja, na kipeuo chake cha pili ni 0.577. Hewa iliyokuwa ikiipita sauti sasa inakwenda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kasi ya sauti. Uwiano wa shinikizo ni 6.6 kugawanywa kwa 1.467, yaani 4.5, kwa hiyo shinikizo linapanda hadi kilopaskali 270. Uwiano wa halijoto ni 1.8 kugawanywa kwa 1.067, yaani 1.6875, na halijoto inafikia kelvini 422 hivi.

Hapa ndipo ninaposhauri kutulia na kuhakiki kabla ya kuendelea. Kasi ya sauti yenyewe imebadilika, kwa sababu hewa imepata joto: kabla ya wimbi ilikuwa mita 317 kwa sekunde, na baada yake ni mita 412 hivi. Kasi ya hewa basi imeshuka kutoka mita 634 hadi mita 238 kwa sekunde. Ukigawanya kasi ya kwanza kwa ya pili utapata 2.67, na uwiano wa densiti, ambao ni 4.5 kugawanywa kwa 1.6875, ni 2.67 vilevile. Namba hizo mbili zisipolingana, tungamo limepotea mahali fulani katika hesabu zako, na mara nyingi chanzo ni kwamba umetumia kasi ya sauti ya upande wa kwanza kwa pande zote mbili.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la namna nyingine. Mwanafunzi hupata uwiano wa shinikizo wa 4.5 kwa usahihi, kisha hutafuta halijoto kwa kanuni ya mgandamizo usioongeza entropia, na kupata kelvini 384. Jibu hilo halionekani la ajabu, na ndiyo maana ni la hatari. Lakini wimbi la mshtuko huongeza entropia, na tofauti ya kelvini karibu 38 ni alama ya ongezeko hilo. Alama nyingine iko katika shinikizo la jumla, yaani lile ambalo hewa ingekuwa nalo kama ingesimamishwa taratibu bila hasara. Kabla ya wimbi ni kilopaskali 469 na baada yake ni 338 tu, ilhali halijoto ya jumla inabaki kelvini 450 pande zote mbili. Kwa hiyo mahesabu yoyote ya sehemu ya bomba iliyo baada ya wimbi lazima yaanze na 338. Ukiibeba ile 469 na kuivusha, kila kitu kinachofuata kitakuwa na makosa, hata kama wimbi lenyewe ulilikokotoa vizuri.

Entropia pia ndiyo inayotuambia upande gani uanze. Ukiingiza M1 ya 0.577 katika mstari wa kwanza, utapewa 2 bila malalamiko yoyote, kwa sababu uhifadhi peke yake haujali mwelekeo. Lakini shinikizo la jumla lingeongezeka bila kazi yoyote kufanyika, jambo linalokatazwa na sheria ya pili ya thamodinamiki. Namba ya kwanza lazima izidi 1. Na kama wimbi linasafiri ndani ya bomba, kasi zote zipimwe kuhusiana na wimbi, si kuhusiana na kuta.

Nguvu ya wimbi inaongeza hasara haraka mno. Kwa namba ya Mach ya 1.3, shinikizo la jumla hupungua kwa takriban asilimia 2; kwa 2 hupungua kwa asilimia 28; kwa 3 inabaki chini kidogo ya theluthi moja. Ndiyo sababu ndege za kasi kubwa huipunguzia hewa kasi kwanza kwa mawimbi ya mshazari, ili lile la pembemraba lije likiwa dhaifu.

Mwisho, usishangae ukipima shinikizo kwenye ukuta wa bomba halisi na usilione likiruka ghafla kutoka 60 hadi 270. Tabaka la hewa ya polepole linaloambaa ukuta haliwezi kuhimili mruko huo, huvimba au kubanduka, na wimbi moja hugawanyika kuwa msururu wa mawimbi unaoenea kwa urefu wa vipenyo kadhaa vya bomba. Shinikizo la ukutani hupanda polepole, na kwa kawaida huishia chini kidogo ya lile la hesabu. Kipimo cha kulinganisha na 270 kichukuliwe baada ya msururu huo kwisha, mahali ambapo usomaji umeacha kupanda.